Jinsi ya kupima modeli ya magonjwa ya mahindi kabla mkulima hajaanza kuiamini

Hii naandikia mtu ambaye tayari ako na modeli. Umeitreini, unaipa picha ya jani la mahindi, inakwambia ni zima ama lina kutu ama lina madoa ya kijivu ama lina bakajani, na kwa laptopu yako inapata asilimia 98. Sasa unataka kuwapa wakulima. Ngoja kwanza, nikuonyeshe venye mimi huipima, na kwa nini hiyo 98 siiangalii sana.

Nianze na kisa kinachojulikana. Kuna data inaitwa PlantVillage, picha 54,306 za majani, mimea aina 14, magonjwa 26, ukizipanga zinakuwa makundi 38. Mwaka 2016 Mohanty, Hughes na Salathé walitreini modeli kwa hizo picha wakapata usahihi wa asilimia 99.35. Halafu wao wenyewe wakaichukua modeli hiyo hiyo wakaipa picha za kutoka kwingine, zilizopigwa kwa hali tofauti, ikashuka mpaka kama asilimia 31. Ukibahatisha tu kwa makundi 38 unapata kama 2.6, kwa hivyo 31 si bure, kuna kitu modeli ilijifunza, lakini mkulima aliyeambiwa tisini na tisa hatakuelewa ukimletea thelathini na moja. Na usidhani walikuwa wazembe, jani moja lililopigwa picha mara kadhaa walihakikisha picha zake zote ziko upande mmoja, ama wa kutreini ama wa testi, pale walipojua ni jani gani. Shida ilikuwa kwingine. Zile picha ni za majani yaliyokatwa yakalazwa juu ya karatasi, jani moja katikati. Shambani jani halikai hivyo.

Na mwaka 2022 kukatoka utafiti mwingine uliochukua pikseli 8 tu kutoka kwa mandharinyuma ya hizo picha za PlantVillage, yaani ile karatasi ya nyuma, jani lenyewe halimo, na modeli ikapata asilimia 49. Fikiria hapo. Karibu nusu ya majibu yanajulikana bila kuona ugonjwa, pengine kwa sababu kila kundi lilipigwa siku yake na mahali pake na mwanga wake. Kwa hivyo modeli yako inaweza kuwa imejifunza karatasi na si ugonjwa, na ukiipima kwa picha za karatasi hiyo hiyo haitakwambia.

Hatua ya kwanza: picha za testi zitoke shambani, na kila picha iwe na historia yake

Za kutreini unaweza kuchukua popote. Za testi nenda mwenyewe. Kutoka tauni hapa Nairobi si mbali, Waithaka bado kuna mahindi nyuma ya nyumba, ukipanda juu kidogo kuna Kikuyu na Limuru, upande ule mwingine Ruai na Kangundo ambako ni kukavu zaidi na magonjwa yanakaa tofauti. Nenda zaidi ya mahali pamoja. Picha 400 za shamba moja ni kama shahidi mmoja aliyeongea mara 400.

Halafu acha mkulima apige mwenyewe, kwa simu yake, venye yeye angepiga. Usimwambie "mama hebu simamisha jani vizuri". Akipiga na kidole kikiwa kwa kamera, ama jua liko nyuma na jani limekuwa jeusi, hiyo ndiyo picha modeli yako itakutana nayo. Na akutumie kwa njia atakayotumia baadaye. Kama ni WhatsApp basi iwe WhatsApp, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida inafinywa na zile habari za ndani ya faili, simu gani na saa ngapi, zinatolewa. Ndiyo maana lazima uandike hapo hapo, kwa daftari ama kwa shiti: shamba, tarehe, simu, imetumwa vipi, mbegu gani kama anajua. Ukikosa kuandika siku hiyo hutawahi kuipata tena, na hatua ya nne yote inategemea hizi safu.

Lebo nayo. Usiweke wewe peke yako. Tafuta watu wawili wanaojua magonjwa ya mahindi, mmoja anaweza kuwa afisa wa kilimo wa wadi, kila mmoja aangalie peke yake, na wasionyeshwe jibu la modeli kwanza maana wakishaliona watalifuata. Wakikubaliana, lebo imekaa. Wakikosana weka hiyo picha kando kwa folda yake, usiitupe, hizo ndizo picha ngumu na utataka kujua modeli inazifanyia nini. Na kumbuka kuna magonjwa macho hayatoshi. MLN, ule ugonjwa wa virusi ulioonekana Bomet mwaka 2011, unatokana na virusi viwili vikikutana kwa mmea mmoja, na kuuthibitisha kabisa unahitaji maabara. Ukiandika "MLN" kwa kuangalia tu, andika pembeni kwamba ni kwa macho.

Hatua ya pili: gawanya kwa shamba, si kwa picha

Hapa ndipo namba nyingi nzuri huharibikia. Mtu ako na picha 3,000, anazichanganya, anachukua asilimia 20 ya testi. Lakini mkulima mmoja alipiga mmea mmoja mara sita akitembea kuuzunguka, nne zikaenda kutreini na mbili testi, sasa modeli inaulizwa mtihani ambao imeshaona majibu yake. Shamba lote likae upande mmoja. Kwa scikit-learn ni mistari mitatu:

```python
from sklearn.model_selection import GroupShuffleSplit
g = GroupShuffleSplit(n_splits=1, test_size=0.2, random_state=7)
tr, te = next(g.split(X, y, groups=shamba))
```

`shamba` hapo ni ile safu uliyoandika kwa daftari. Ukitaka kujua uvujaji ulikuwa mkubwa kiasi gani, fanya zote mbili, gawanya kwa picha, treini, pima, halafu gawanya kwa shamba, treini upya, pima. Pengo kati ya hizo namba mbili ndilo lililokuwa linakudanganya. Kama ukona picha za misimu miwili fanya pia ya msimu, treini kwa za mvua ndefu ya Machi hadi Mei, pima kwa za mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba, hiyo ni ngumu zaidi na iko karibu zaidi na maisha yenyewe kwa sababu modeli huwa inafanya kazi kwa msimu ambao haujafika.

Hatua ya tatu: usahihi mmoja hautoshi, fungua jedwali

Twende na hesabu ya mfano, namba nimezichagua ziwe rahisi kufuata. Tuseme ukona picha 400 za testi kutoka shambani. 280 ni majani mazima, 60 yana kutu, 40 madoa ya kijivu, 20 bakajani. Unaendesha modeli, unapata hivi, safu ya kushoto ni ukweli na zile zingine ni jibu la modeli:

| Ukweli | nzima | kutu | madoa | baka |
|---|---|---|---|---|
| nzima (280) | 272 | 3 | 3 | 2 |
| kutu (60) | 8 | 48 | 3 | 1 |
| madoa (40) | 7 | 0 | 18 | 15 |
| baka (20) | 4 | 0 | 8 | 8 |

Zilizo sawa ni 272 na 48 na 18 na 8, jumla 346, ukigawa kwa 400 ni asilimia 86.5. Inasikika vizuri. Lakini modeli ya kijinga kabisa inayosema "nzima" kila saa ingepata 280 kwa 400, asilimia 70, bila kuangalia chochote. Kwa hivyo anza kuhesabu kutoka 70 si kutoka sufuri.

Sasa soma mstari kwa mstari. Kutu imeshika 48 kwa 60, asilimia 80. Madoa 18 kwa 40, asilimia 45. Baka 8 kwa 20, asilimia 40. Ukichukua wastani wa mistari yote minne bila kujali ni ipi iko na picha nyingi unapata kama asilimia 65.5, na hiyo ndiyo namba mimi ningempa mtu akiuliza moja tu.

Halafu soma kwenda chini. Modeli imesema "baka" mara 26, na kweli ilikuwa baka mara 8 tu. Yaani mkulima akiambiwa ni bakajani, mara nyingi si bakajani, na mara 15 kati ya hizo 26 ilikuwa madoa ya kijivu. Hii kuchanganya si ya ajabu, bakajani huwa na kovu refu la umbo la sigara na madoa ya kijivu ni vipande vyembamba vya mstatili vilivyobanwa na mishipa ya jani, ila ugonjwa ukiwa bado mchanga hayo maumbo hayajajichora na hata mtu anaweza kukosea. Lakini sasa unajua kitu cha kufanya: tafuta picha zaidi za hatua za mwanzo za haya mawili. Asilimia 86.5 haingekwambia hivyo.

Angalia pia safu ya "nzima". Majani 19 ya ugonjwa, kati ya 120, yameambiwa ni mazima. Kwangu mimi hilo ndilo kosa baya zaidi kwa jedwali lote. Akiambiwa kutu na kumbe ni madoa atakuja kuuliza, lakini akiambiwa zima anarudi nyumbani. Kwa hivyo kabla ya kupima, kaa na wakulima mkubaliane kosa gani ni ghali, uandike, kwa sababu ukishaona matokeo ni rahisi sana kuchagua kipimo kinachokupendeza.

Kitu kingine hapa, namba ndogo zinayumba. Baka ni 8 kwa 20. Ukipiga hesabu ya Wilson, asilimia 95 ya uhakika, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 22 na 61. Ni pana hivyo. Kwa hivyo ukibadilisha modeli baka ikawa 10 kwa 20, usisherehekee, hujui kama imepona ama ni bahati. Ya jumla, 346 kwa 400, inakaa kati ya 83 na 90 hivi, hiyo imetulia, na hapo ndipo watu huteleza, wanaona jumla imetulia wanadhani na vipande vimetulia. Hata huo upana wenyewe unadhani kila picha ni shahidi wa kivyake, na kama nyingi zimetoka mashamba machache basi ukweli ni mpana zaidi ya hapo.

```python
from statsmodels.stats.proportion import proportion_confint
proportion_confint(8, 20, method="wilson")
```

Hatua ya nne: inamkosea nani zaidi

Sasa ile daftari inafanya kazi. Upendeleo kwa modeli ya majani haujifichi kwa kabila ama jinsia moja kwa moja, unajificha kwa simu, kwa mahali, kwa aina ya mbegu, na hizo zinafuatana na nani ako na pesa.

Tuseme kwa zile picha 120 za ugonjwa, 70 zilipigwa kwa simu nzuri na 50 kwa simu za bei ya chini. Simu nzuri, modeli imepata 52 kwa 70, asilimia 74. Simu za chini, 22 kwa 50, asilimia 44. Ukiona hivyo utasema simu ndiyo shida. Pengine. Lakini ngoja, labda wenye simu za chini wako upande ambako madoa ya kijivu ndiyo mengi, na madoa tayari tumeona modeli haiyawezi, kwa hivyo kinachoonekana kama simu ni ugonjwa. Angalia kutu peke yake. Simu nzuri 32 kwa 36, asilimia 89. Simu za chini 16 kwa 24, asilimia 67. Tofauti imepungua kutoka 30 mpaka 22 lakini haijaisha, na kwa picha chache hivyo iko kwa mpaka wa kuaminika. Kwa hivyo kuna vitu viwili vimeshikana na jedwali halitavitenganisha zaidi ya hapo.

Kinachotenganisha ni jani moja kupigwa kwa simu mbili. Nenda shambani na simu ya elfu nane na simu ya elfu hamsini, piga jani lile lile, mahali pale pale, dakika ile ile, majani 50 yanatosha kuanza. Kisha hesabu tu yale ambayo majibu yametofautiana: mangapi simu nzuri imepata na ya chini imekosa, na mangapi kinyume chake. Ikiwa ni 11 kwa 2, simu ni shida ya kweli, ugonjwa na shamba haviwezi kulaumiwa kwa sababu ni vile vile. Ikiwa ni 6 kwa 5, tafuta kwingine.

Kama huwezi kwenda leo, kuna njia ya nusu, chukua picha nzuri ulizo nazo uziharibu venye njia ya kutuma inaziharibu:

```python
from PIL import Image
im = Image.open("jani.jpg").convert("RGB")
im.thumbnail((640, 640))
im.save("jani_hafifu.jpg", quality=30)
```

Endesha modeli kwa zote mbili. Ikiwa kutu inapotea kila mara, hapo umejua modeli inategemea vile vidoti vidogo vya kahawia ambavyo kufinya picha kunavifuta. Ila hii haigusi mwanga mbaya ama lenzi chafu, kwa hivyo picha zikipita hapa usiseme simu haina shida.

Fanya hivyo hivyo kwa mahali na kwa msimu, lakini usikate vipande ishirini. Ukikata sana utapata kipande kimoja kibaya kwa bahati tu. Chagua vitatu ama vinne kabla hujaona majibu.

Hatua ya tano: ipe vitu ambavyo haijawahi kuona

Hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu ndiyo watu wanaruka. Mama mmoja wa Waithaka aliniletea simu yake, jani limetobolewa na kuna uchafu kama unga wa mbao katikati ya mmea, na modeli ilikuwa imemwandikia madoa ya kijivu, uhakika 0.97. Akaniambia, "Kijana wangu, hii kitu yako inaniambia ni ugonjwa na mimi naona ni mdudu." Nikamwambia mama uko sawa, ni viwavijeshi, na hiyo modeli haijui kuna kitu kinaitwa viwavijeshi. Ilikuwa imefundishwa majibu manne, na ukiipa chochote lazima ichague moja ya hayo manne, kwa sababu softimaksi inagawa moja nzima kwa makundi yaliyopo na hakuna kundi la "sijui". Kwa hivyo ile 0.97 inalinganisha madoa na kutu na baka na nzima tu. Haisemi kwamba jani hili linafanana na chochote ilichowahi kuona.

Na hii si bahati mbaya ya nadra. Data za PlantVillage za mahindi ziko na makundi manne hayo hayo. Viwavijeshi vamizi viliingia Afrika 2016 na Kenya 2017. MLN haimo. Ukosefu wa naitrojeni haumo, na huo ni njano inayoanzia ncha ya jani la chini ikishuka katikati, kitu cha kawaida kabisa mashambani kwetu.

Fanya hivi. Tengeneza folda ya wageni, picha kama 60. Robo iwe mahindi yenye shida ambazo modeli haizijui: viwavijeshi, naitrojeni, MLN kama unaweza kuipata imethibitishwa. Robo iwe mimea inayofanana, mtama, miwa, majani ya ng'ombe. Robo iwe picha mbovu za mahindi, giza, ukungu, jani liko mbali. Robo iwe vitu visivyohusu, udongo, mkono, sufuria, kwa sababu watu hutuma. Endesha modeli na usiangalie imejibu nini, angalia uhakika wake.

Halafu weka kizingiti, mfano ikiwa chini ya 0.9 iseme "sina hakika, piga picha nyingine ama muulize afisa". Sasa unapima vitu viwili pamoja. Kwa picha 400 za kawaida, ngapi zinabaki na kati ya hizo ngapi ni sahihi. Kwa wageni 60, wangapi wamepita. Tuseme zinabaki 300 na 279 ni sahihi, asilimia 93, nzuri, lakini wageni 25 kati ya 60 wamepita pia. Ukipandisha kizingiti wageni wanapungua na wakulima wengi zaidi wanaambiwa "sina hakika". Hakuna kizingiti cha bure, na kizingiti chenyewe kichague kwa picha zingine za shambani ulizotenga kwa kazi hiyo, si kwa hizi 400, la sivyo utakuwa umejipendelea.

Wageni wakiendelea kupita, wengi wataongeza kundi la tano la "vingine" na kulitreini. Inasaidia, mimi pia nafanya. Lakini chukua aina moja ya wageni, tuseme viwavijeshi, usiitie kabisa kwa kutreini, iweke kwa testi peke yake. Ikiwa modeli inakataa mtama na miwa ulizoifundisha lakini viwavijeshi bado vinapita na 0.95, hapo kundi la "vingine" limejifunza mtama na miwa, halijajifunza ugeni. Na mgeni wa kesho hutamjua jina.

Mwisho wa hatua hii fanya jaribio la karatasi. Chukua picha za testi, funika jani lote kwa rangi moja ibaki nyuma peke yake, udongo, anga, mimea ya nyuma. Majani mazima ni 70 kwa 100, kwa hivyo usiangalie usahihi wa jumla, angalia ule wastani wa mistari minne. Mtu asiyejua kitu anapata 25. Ukipata 26 ama 27 uko salama. Ukipata 45, modeli inasoma shamba badala ya jani, pengine kwa sababu picha zote za kutu zilitoka mahali pamoja penye udongo mwekundu, na dawa ni kutafuta kutu ya mahali pengine, si kuongeza tabaka kwa mtandao.

Hatua ya sita: funga seti ya testi

Umeona makosa, utarudi kurekebisha. Sawa. Lakini kila ukirekebisha kwa kuangalia hizo picha 400, zinaacha kuwa testi, zinakuwa sehemu ya kutreini kupitia macho yako. Mimi naziruhusu mara mbili ama tatu, naandika tarehe kila mara nikizifungua, halafu zinaingia kwa kutreini na natafuta zingine. Kwa ripoti ya modeli naweka lile jedwali la nne kwa nne lote, upana wa kila mstari, ile hesabu ya simu mbili, wageni wangapi wamepita kwa kizingiti gani, na mashamba mangapi ya wapi na mwezi gani. Mtu wa Kitale akiisoma ataona hakuna picha hata moja ya Kitale, na atajua namba hizo bado si zake. Za testi inayofuata naanza kukusanya Novemba, mahindi ya mvua fupi yakifika magotini, na wa kwanza kutembelea ni yule mama wa Waithaka.